Mkongwe na Kikongwe: Heshima Inapogeuka Kejeli

Hebu tuanze na vichwa viwili vya habari. Tumevitunga wenyewe, lakini kila msomaji wa magazeti ya Kiswahili atakiri kwamba amekwisha kuviona vya namna hiyo mara nyingi. Cha kwanza kinasema: "Mwanasiasa mkongwe arejea jukwaani." Cha pili kinasema: "Kikongwe akutwa ameuawa shambani." Tukisoma habari zenyewe tunakuta kwamba mwanasiasa ana umri wa miaka 68, na mama aliyeuawa naye ana umri wa miaka 68. Miaka ni ile ile na mzizi wa neno ni ule ule, yaani -kongwe. Kilichobadilika ni kiambishi tu. Hata hivyo, anayesoma kichwa cha kwanza humwona mtu mwenye maarifa ya miaka mingi, na anayesoma cha pili huuona mwili uliochoka.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi lugha yetu inavyowataja watu wenye umri mkubwa, na hasa jinsi maneno ya heshima yanavyoweza kugeuka kejeli bila ya kubadilishwa hata herufi moja. Tumeona vema kulishughulikia jambo hili kwa sababu wafasiri, walimu na watumishi wa umma hutuuliza mara kwa mara: lipi ndilo neno zuri, na lipi ndilo baya? Kwa maoni yetu swali hilo halikuulizwa sawasawa. Ubaya haumo katika neno peke yake. Umo katika mambo matatu yanayolizunguka neno, nayo ni kiambishi, upatanisho wa kisarufi, na majirani wa neno hilo katika sentensi.

Mzizi Mmoja, Njia Mbili

Mzizi -kongwe hutaja kitu kilichokaa muda mrefu. Ukivikwa kiambishi cha m-, mara nyingi huwa sifa njema. Twasema mwandishi mkongwe, mwanamuziki mkongwe, hata mchezaji mkongwe, ingawa huyo wa mwisho huenda hajatimiza miaka 35. Sehemu ya kale ya mji wa Unguja huitwa Mji Mkongwe, na kwa jina hilo hilo iliingia mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hakuna aliyelalamika kwamba mji umetukanwa. Lakini mzizi huo ukivikwa ki- hautaji tena kazi wala maarifa. Kikongwe hakuwa mwandishi, hakuwa mkulima, hakuwa mkunga. Ni mzee sana, basi.

Wako watakaosema kwamba kosa ni la kiambishi cha ki-, kwa kuwa hicho hudunisha. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Kiongozi ana ki-, na hakuna anayemdharau kwa sababu hiyo. Kijana, kipenzi na kinara wana ki- vilevile. Twapaswa basi kutafuta kipimo kilicho bora zaidi. Sisi tunapendekeza hiki: tutazame kama neno lenye ki- linaye mwenzake asiye na ki- anayetumika pamoja nalo na kutaja mtu wa namna ile ile. Kiongozi hana mwenzake wa namna hiyo, na kijana katika matumizi ya leo hana. Kwa hiyo ki- yao haimlinganishi mtu na chochote. Lakini kizee yupo mbele ya mzee, kibabu yupo mbele ya babu, kibibi mbele ya bibi, na kikongwe mbele ya mkongwe. Msemaji alikuwa na maneno mawili mkononi, akachagua lile dogo. Kuchagua huko ndiko kunakosema.

Kipimo hiki nacho kina mpaka wake, na ni haki tuutaje. Wapo wazee wanaojiita vikongwe wao wenyewe: "Mimi kikongwe sasa, mwanangu, sioni vizuri." Huo ni unyenyekevu, au pengine ni mzaha wa mtu aliyeridhika na miaka yake. Bikizee vilevile, katika midomo ya mjukuu aliyelelewa naye, huweza kuwa jina la mapenzi, kwa maana udogo na mapenzi ni majirani wa siku nyingi katika Kiswahili. Lakini ruhusa ya mtu kujidunisha haihamishiki. Mwandishi wa habari si mjukuu, na karani wa ofisi si mjukuu.

Upatanisho Kama Ushahidi

Jambo la pili ni upatanisho. Kiswahili sanifu kina kanuni inayolinda utu: jina la kiumbe hai, hata likiwa na umbo la ki-, hupatanishwa kama m- na wa-. Ndiyo maana twasema "kikongwe huyu anaishi peke yake" wala si "kikongwe hiki kinaishi peke yake". Kwa kanuni hiyo mtu hurudishiwa katika kitenzi ule utu aliopunguziwa katika jina. Msemaji akikusudia kumtoa mtu katika utu, hapo ndipo anapoivunja kanuni. "Kizee hiki kinajifanya kinajua" ni sentensi ambayo mtoto wa miaka mitano huielewa kuwa ni tusi, ingawa hajafundishwa sarufi.

Njia nyingine ya kufanya hivyo ni kukuza badala ya kudogosha. Mzee huwa zee au lizee, na wazee huwa mazee: "Zee zima halina haya!" Lugha ya vijana wa mijini siku hizi imekwenda mbali zaidi. Shangazi ni neno la heshima kuu katika ukoo. Dada wa baba ndiye mwenye sauti katika ndoa na mirathi. Lakini neno hilo sasa limevikwa umbo la mshangazi, na wingi wake mishangazi, kwa maana ya wanawake wa umri mkubwa wanaosemekana kuwatafuta wavulana. Tuitazame vizuri ile mi-. Ni kiambishi cha miti, mikoba na milango. Wanaume nao hawakusalimika, kwani twasikia pia mibaba. Kwa hiyo jina la jamaa limechukuliwa likiwa zima na heshima yake, kisha likahamishwa ngeli. Kejeli haikuhitaji neno jipya, ilihitaji kiambishi.

Mwalimu wa sekondari anaweza kulifanya jambo hili kuwa somo zuri la ngeli. Badala ya kuwakataza wanafunzi maneno hayo tu, awaulize: kwa nini mi- na si wa-? Atakayejibu vizuri atakuwa ameelewa ngeli, na atakuwa ameelewa jambo jingine pia.

Neno Linalobeba Ushahidi wa Uongo

Tunafika sasa mahali ambapo suala hili si la adabu tu. Katika nchi ya Tanzania, hasa katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza na majirani zake, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kutuhumiwa uchawi. Sababu zilizoelezwa na watafiti na mashirika ni nyingi: ugomvi wa mashamba na urithi, vifo vya watoto visivyoelezwa, ramli za waganga. Miongoni mwa "dalili" za uchawi zilizotajwa ni macho mekundu, na imeandikwa mara nyingi kwamba macho hayo huwa mekundu kwa sababu ya moshi wa kupikia, pengine wa samadi ya ng'ombe, ambao wanawake hao wameuvuta jikoni tangu wangali wasichana.

Magazeti na hotuba zikalipa balaa hilo jina: mauaji ya vikongwe. Tunaamini kwamba walioanza kulitumia walikuwa na huruma. Lakini tulipime jina lenyewe. Muuaji amemhukumu mama yule kwa mwili wake: macho, makunyanzi, mgongo uliopinda. Kisha mwandishi naye, akitaka kumtetea, anamtaja kwa mwili wake. Kikongwe hutaja uchakavu kabla ya kutaja mtu. Hivyo mtetezi na mtuhumu wanamtazama mama yule kwa jicho moja, ingawa hawakukusudia.

Lipo jambo jingine la kuzingatia. Katika miaka ya 2000 hotuba nyingi zilitaja mauaji ya namna mbili kwa pamoja, "mauaji ya albino na vikongwe". Tangu hapo nusu ya kwanza ya fungu hilo imesahihishwa. Leo katika maandishi ya serikali na ya magazeti mengi twasoma "watu wenye ualbino". Kabla ya hapo vilema walikwisha kuwa walemavu, na baadaye watu wenye ulemavu. Katika hatua ya kwanza lugha iliondoa ki- na vi-, na katika ya pili ikamweka mtu mbele. Nusu ya pili ya fungu imebaki mara nyingi kama ilivyokuwa. Twaona "watu wenye ualbino na vikongwe" katika sentensi moja, na hakuna anayeshtuka. Watu wenye ualbino walikuwa na vyama vyao vilivyosema. Mama wa kijijini mwenye miaka 70 hakuwa na msemaji katika chumba cha habari.

Hebu tuisahihishe ile habari ya pili. "Kikongwe akutwa ameuawa shambani" iwe "Mwanamke wa miaka 68 auawa shambani". Mabadiliko ni matatu. Ametajwa kuwa mwanamke. Umri wake umetajwa kwa hesabu wala si kwa sura. Na "auawa" limechukua mahali pa "akutwa ameuawa", ili macho ya msomaji yaende kwenye tendo kwanza. Ikiwa alikuwa mkulima au mkunga, na aitwe hivyo. Habari ikitaka kutaja aina ya uhalifu, iseme "mauaji ya wanawake wazee wanaotuhumiwa uchawi". Ni maneno mengi zaidi, tunakiri. Lakini yanasema jambo ambalo jina fupi lililificha, nalo ni kwamba ipo tuhuma na yupo mtuhumu.

Mvi kwa Mwanamume, Udhaifu kwa Mwanamke

Tukiwa hapo tutaje maneno mawili tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, shaibu na ajuza. Kamusi huyaweka kama jozi, mwanamume mzee sana na mwanamke mzee sana. Asili zake si jozi. Shaibu hutokana na neno lenye maana ya mvi. Ajuza hutokana na mzizi wenye maana ya kutoweza, ule ule uliotupa ajizi, ile ya methali isemayo ajizi nyumba ya njaa. Mwanamume alitajwa kwa nywele zake, mwanamke kwa udhaifu wake. Hatusemi kwamba msemaji wa leo anaijua asili hiyo, aghalabu haijui. Lakini katika matumizi ya sasa shaibu amebaki zaidi vitabuni, na ajuza yuko hai katika hadithi za watoto, akipika dawa msituni. Mfasiri wa hadithi hizo afikiri mara mbili kabla ya kumpa kila bibi wa kigeni jina hilo.

Ofisi zetu nazo zilikuwa na ajuza wao, wa jinsia zote mbili. Kwa miaka mingi istilahi rasmi ya ustawi wa jamii ilikuwa "wazee wasiojiweza", na makazi yao yaliitwa hivyo. Istilahi hiyo ilikusudia kutenga kundi lenye haki ya msaada, na kwa hesabu za serikali ilikuwa na kazi yake. Ubaya wake ni kwamba ilihama kutoka kwenye fomu kwenda kwenye kibao cha mlangoni, na kutoka kibaoni kwenda mdomoni mwa watu. Mzee aliyepungukiwa na fedha na jamaa akawa "asiyejiweza" katika kila jambo, hata kama analima bustani yake na kusoma gazeti bila miwani.

Mzee Asiye Mzee

Neno mzee ndilo lililobeba heshima zaidi kuliko yote, na kwa hiyo ndilo lililo rahisi zaidi kugeuzwa. Kwa asili si neno la miaka peke yake. Mzee wa baraza alikaa mahakamani kwa busara yake. Mzee wa kanisa aweza kuwa na miaka 40. Wakenya walimwita Rais wao wa kwanza Mzee Jomo Kenyatta, na wakisema "Mzee" tu ilitosha. Marais wa Tanzania wamekuwa na desturi ya kuzungumza na Wazee wa Dar es Salaam katika nyakati nzito. Mwalimu Nyerere aliagana nao mwaka 1985 alipong'atuka katika urais. Katika mifano yote hii mzee ni cheo ambacho jamii humpa mtu.

Cheo kikitolewa pasipostahili huwa kejeli. Tunaweza kuona jambo hili katika muundo wa "mzee wa" jambo fulani. Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza kati ya 1985 na 1995, alipewa na wananchi jina la Mzee Ruksa kwa jinsi alivyolegeza masharti ya biashara, na jina hilo alikaa nalo kwa mapenzi ya watu mpaka alipofariki mwaka 2024. Lakini mfuateni mtu anayechelewa kazini kila siku. Wenzake watamwita "mzee wa foleni". Anayeahidi bila kutimiza ni "mzee wa kesho". Hapo uzee wote umekwisha, kimebaki kiti cha heshima kilichokaliwa na kasoro. Kejeli hiyo haimdhuru aliye kijana. Humdhuru mzee wa kweli anayekaa karibu na kulisikia jina lake likitumika kama kibandiko.

Mtu mzima naye ana historia ya namna hiyo. Ilikuwa njia ya adabu ya kusema kwamba mtu amezeeka: "Mama yangu ni mtu mzima sasa." Maana yake ya ndani ni ukamilifu, kama isemavyo methali, utu uzima dawa. Leo likiongezwa neno moja tu, "mtu mzima hovyo", ukamilifu ule wenyewe ndio unaotumika kama rungu. Anachekwa kwa kuwa alitarajiwa kuwa mzima. Basi jirani wa neno ana nguvu kuliko neno.

Salamu ya shikamoo yaonyesha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Kumwamkia mtu kwa shikamoo ni kumheshimu, na pia ni kumwambia kwamba umempima umri. Ndiyo maana mama wa miaka 40 humjibu kijana kwa kucheka: "Unanizeesha!" Na ndiyo maana rika kwa rika huamkiana shikamoo kwa dhihaka, mmoja akiwa amevaa suruali ya mtindo wa zamani. Twawezaje kujua ipi ni ipi? Shikamoo ya kweli husubiri marahaba. Ya dhihaka husubiri kicheko.

Neno Jipya Si Dawa

Mfasiri mmoja alituletea rasimu ya fomu ya huduma, ambayo ndani yake watu wa miaka 60 na zaidi waliitwa "raia waandamizi". Alikuwa amefuata Kiingereza hatua kwa hatua. Tulimshauri aiache kwa sababu mbili. Kwanza, mwandamizi kwa Kiswahili ni daraja la kazi: mhasibu mwandamizi, mhadhiri mwandamizi. Uraia hauna madaraja. Pili, neno la heshima lililobuniwa ofisini, lisilo na mizizi katika ukoo wala barazani, ndilo linalochekwa upesi kuliko yote. Kabla ya mwaka kwisha makarani wangekuwa wakiitana waandamizi kila mmoja alipoikosa miwani yake.

Tena hakukuwa na haja. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 ilitumia neno mzee, na ikamtambua kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Neno la kawaida likipewa mpaka wa hesabu huwa istilahi, nalo hubaki na heshima yake ya nyumbani. Mahali ambapo umri wa stahili ni mwingine, kama pensheni jamii ya Zanzibar iliyoanza mwaka 2016 kwa wenye miaka 70, andika umri wenyewe: "mzee mwenye umri wa miaka 70 au zaidi". Usitafute neno jingine la kumwonyesha kuwa ni mzee kuliko mzee. Huko ndiko kikongwe anakosubiri.

Kwa wanaoandika kwa ajili ya nchi zaidi ya moja, tunaongeza tahadhari moja. Bibi kwa Watanzania wengi ni mama mzaa baba au mama. Kwa Wakenya wengi ni mke. Fomu isemayo "bibi wa mwombaji" itajazwa majina mawili tofauti upande huu na upande ule wa mpaka.

Tunachopendekeza basi ni kidogo. Katika maandishi rasmi na ya habari, mtu aitwe mzee, mwanamke mzee au mwanamume mzee, na miaka yake itajwe ikiwa ina maana. Kikongwe, kizee na ajuza yaachiwe hadithi, na yaachiwe wenye miaka hiyo wakitaka kujitania. Na kabla ya kupeleka maandishi kwa mpiga chapa, mwandishi afanye jaribio moja jepesi: aweke mahali pa mtu anayetajwa jina la mama yake mzazi, kisha aisome sentensi kwa sauti. Kichwa cha habari cha kwanza tulichoanza nacho kitapita. Cha pili hatutegemei kwamba atakimaliza.